Jiko la mkaa chumbani kwa mzazi: dirisha liachwe wazi kiasi gani?

*Shikamoo baba. Nimejifungua wiki tatu zilizopita, tuko Njombe mjini, na baridi ya mwezi huu wa saba unaijua. Mama mkwe amekuja kunilea. Kila siku saa tatu usiku analeta jiko la mkaa chumbani, makaa yakiwa yamekolea na hayatoi moshi, tunafungua dirisha kidogo, tunalala. Umeme ukikatika tunawasha kibatari. Asubuhi naamka kichwa kizito na kichefuchefu, mchana kinaisha. Mume wangu naye hivyo hivyo. Mama anasema ni uchovu wa uzazi, na kwamba wao walilala na moto miaka yote. Dirisha liachwe wazi kiasi gani ili tulale salama na mtoto asipate baridi?*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Jiko lisiingie chumbani usiku wa leo. Mengine nitakueleza taratibu, lakini hilo lisingoje maelezo. Na kesho wewe na mtoto mwende kituo cha afya, mkaseme kwa maneno haya haya: "tumekuwa tukilala na jiko la mkaa, na tunaumwa kichwa asubuhi." Mbele utaona kwa nini maneno hayo yana kazi.

Kilichonishtua katika barua yako si kichwa chako, ni cha mumeo. Uchovu wa uzazi ungekuwa wako peke yako. Watu wawili wanaolala chumba kimoja wakiamka na kichwa kile kile na kichefuchefu kile kile, bila homa, kisha wakapona mchana wakiwa nje, hao wanavuta kitu kimoja. Katika miaka niliyofanya kazi ya ubwana afya huko Nyanda za Juu, dalili hiyo ya kuumwa ndani na kupona nje ndiyo niliyoiamini kuliko nyingine zote.

Kitu chenyewe ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri koo. Mama mkwe wako anangoja moshi uishe ndipo alete jiko, na mtu yeyote mwenye busara angefanya hivyo, kwa sababu moshi ndio tunaouona. Ila kwa mkaa mambo yako kinyume. Hewa inaingia kwenye kidirisha cha chini cha jiko, inakutana na makaa mekundu, na oksijeni yake inaungana na mkaa kuwa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mengine ya moto inapunguziwa oksijeni na kugeuka kaboni monoksaidi. Umeshauona ule mwali mdogo wa bluu unaocheza juu ya jiko? Hiyo ndiyo sumu yenyewe ikiungua. Baada ya muda mwali unazimika, makaa yanabaki mekundu yenye ngozi ya majivu meupe, na sisi tunasema jiko limekolea, lifae kuingia ndani. Gesi haijakoma kutoka. Iliyokoma ni ile bluu iliyokuwa ikiiunguza, kwa hiyo sasa inakuja chumbani nzima nzima.

Na wale wanaofunga kidirisha cha jiko au kufukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi, wanayanyima hewa. Makaa yanakwenda polepole zaidi, kweli, lakini sehemu kubwa zaidi ya kinachotoka ni sumu, na inatoka saa zile mlizolala fofofo.

Ikiingia mwilini inakwenda kwenye damu, mahali pale pale oksijeni inapokaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, saa baada ya saa inajirundika. Ukitoka nje ukavuta hewa safi, nusu yake inaondoka katika saa 4 hadi 5, nusu ya iliyobaki saa nyingine kama hizo. Ndiyo maana kichwa chako kinakuachia mchana. Halafu saa tatu usiku jiko linarudi.

Mtoto nimemweka mwisho kwa makusudi. Kwa ukubwa wa mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko wewe, na akiwa na wiki tatu damu yake kwa sehemu kubwa bado ni ile aliyokuwa nayo tumboni, ambayo inaishika sumu hii kwa nguvu zaidi. Naye hawezi kusema kichwa kinamuuma. Utaona tu ananyonya kivivu, analala kupita kawaida, anatapika, au analia bila kutulizika. Mambo ambayo bibi yeyote atayaita mchango.

Sasa dirisha. Uliuliza kiasi gani, nami nitakujibu kwa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na baadhi yao ni wataalamu wenzangu wanaosema "fungueni dirisha" kisha wakaondoka.

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 10, dari futi 8. Hicho kina kama mita za ujazo 22 na nusu za hewa. Tuseme jiko linaingia na nusu kilo ya mkaa, unaowaka polepole tangu saa tatu hadi saa nane usiku. Kilo moja ya mkaa katika majiko yetu ya kawaida hutoa kama gramu 200 za kaboni monoksaidi. Hutofautiana kwa jiko na kwa mkaa, lakini tuishike hiyo. Nusu kilo basi ni gramu 100, na ukizigawa kwa saa tano ni gramu 20 kila saa.

Ukifunga mlango na dirisha, chumba cha kawaida hubadilisha hewa yake yote kama mara moja kwa saa kupitia nyufa. Gesi itapanda hadi kufikia karibu miligramu 900 katika kila mita ya ujazo. Kwa kiwango hicho mtu mzima anaumwa kichwa na kutapika ndani ya saa moja, na akibaki humo saa mbili au tatu anapoteza fahamu na anaweza kufa. Watu wanaokutwa asubuhi hawakuamka wengi wamepita hapo.

Ninyi mnafungua dirisha kidogo. Tuseme hewa inabadilika mara nne kwa saa, ambayo kwa dirisha la upande mmoja lenye pazia ni bahati nzuri. Gesi inashuka hadi kama miligramu 220. Hapo mtu hafi usiku mmoja, ila baada ya saa mbili tatu kichwa kinaanza kugonga na tumbo kuchafuka. Linganisha na unavyoamka. Sijaingia chumbani kwenu, lakini hesabu hii na barua yako zinasema jambo moja.

Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 8 usizidi miligramu 10. Ili nusu kilo ile ya mkaa ifike huko, hewa yote ya chumba ingepaswa kubadilika karibu mara 90 kwa saa, yaani kila sekunde 40 chumba kizima kinatoka na kingine kinaingia. Huo si usiku wa kufungua dirisha, huo ni kulala barazani. Na joto mliloliwashia jiko lingekuwa limeshatoka na hewa ile ile. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba upana huo haupo. Dirisha likiwa dogo kiasi cha kutunza joto linatunza na sumu, na likiwa kubwa kiasi cha kutoa sumu linatoa na joto.

Hapo sijagusa mambo mawili ya huko kwenu. Mji wa Njombe uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni mnayovuta ni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Sumu inayonyang'anya oksijeni inawakuta mna akiba ndogo tayari. La pili ni saa kumi alfajiri. Baridi ikizidi, mtu mmoja nusu usingizini atanyoosha mkono na kulifunga lile dirisha, na asubuhi hatakumbuka.

Mama mkwe anaposema walilala na moto miaka yote, hasemi uongo, usimbishie. Walilala na kuni, katikati ya nyumba ya nyasi isiyo na dari, moshi ukipenya kwenye paa lote kama maji kwenye chekecheke. Kuni zikikosa hewa zinatoa moshi unaoonekana na kukeri koo. Macho yao na vifua vyao walivilipia, waulize wazee wa huko wangapi wanakohoa hadi leo. Lakini kulala wakaamka, waliamka. Ninyi mmeweka mkaa usio na moshi ndani ya nyumba ya tofali la saruji, dari ya jipsamu, na dirisha la aluminiamu lenye mpira pembeni. Nyumba ya kisasa inaziba vizuri kweli kweli, fundi kaifanya kazi yake.

Nikueleze kisa kimoja, nikiondoa majina na mahali. Vijana wawili wa kufyatua matofali walipanga chumba, mwezi kama huu. Mvua ya manyunyu ilianza jioni, wakaingiza jiko walilopikia ugali lisilowe. Hawakukusudia hata kuota moto. Mmoja akaweka taulo chini ya mlango kuzuia upepo. Asubuhi waliamka wakitapika, wakajikokota hadi kituo kimoja cha afya. Wakapimwa malaria, hamna. Wakavalishwa kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikaandika 98. Wakaambiwa ni chakula, wakapewa dawa ya tumbo, wakarudi kwenye chumba kile kile. Usiku wa pili baridi iliongezeka, na safari hii jiko waliliingiza kwa kukusudia. Nilipofika na mwenyekiti wa mtaa asubuhi, mmoja alikuwa hai mlangoni, ameanguka akiutafuta mlango, nguvu zikamwishia kwenye kizingiti. Mwenzake hakuwahi kugeuka kitandani. Jiko lilikuwa na majivu meupe juu, na nilipolishika ubavuni lilikuwa bado vuguvugu.

Ile 98 ndiyo iliyonikaa moyoni. Kifaa cha kidoleni kinasoma rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi inafanana mno na damu yenye oksijeni. Kifaa hakikuharibika, kilidanganywa. Kwa hiyo kesho mkivalishwa kikaandika namba nzuri, msitulie kwa hiyo. Kipimo chenyewe ni cha damu, kwenye mashine inayotenganisha aina hizo mbili, na hospitali nyingi ndogo hazina. Mtoa huduma anategemea historia, ndiyo sababu ya yale maneno niliyokupa mwanzoni. Tiba yake ni oksijeni ya mtungi kwa barakoa, ambayo inapunguza muda wa nusu ya sumu kuondoka, toka saa 4 au 5 hadi kama saa moja na nusu. Ukiona siku au wiki kadhaa baadaye mmoja wenu anasahausahau, anayumba akitembea, au tabia imebadilika, mrudi tena hospitali, kwani sumu hii huwa na mkia.

Usingoje kuona midomo ya mtu imekuwa myekundu kama cheri, kama ilivyo kwenye picha za vitabuni. Dalili hiyo huonekana kwa nadra, aghalabu mtu akiwa ameshakufa, na kwa ngozi zetu hata haionekani vizuri.

Kuna dawa mbili za mitaani ambazo lazima nizitaje kwa sababu najua utashauriwa. Ya kwanza ni kuweka beseni la maji karibu na jiko ili "linyonye sumu". Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kusaidia chochote. Beseni litaongeza unyevu tu na mtu atalikanyaga usiku. Ya pili ni maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, sumu iko kwenye damu, hazikutani. Na mtu aliyezirai ukimnywesha maziwa yanaingia kwenye mapafu. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mburute nje kwanza, wala usikae humo ukitafuta jiko la kuzima, maana utalala naye. Nje mlaze ubavu, kama hapumui mpulizie, kisha gari.

Turudi kwenye baridi, kwa sababu baridi ni kweli, na mtoto wa wiki tatu hatakiwi kuganda ili kuthibitisha hesabu zangu. Siri ni kuacha moto nje na kuleta joto ndani. Kinachobeba joto vizuri kuliko vyote mlivyo navyo ni maji: kwa uzito ule ule maji hubeba joto mara nne au tano kuliko tofali au jiwe. Jiko likae barazani, sufuria ya maji juu yake. Saa mbili na nusu jaza mfuko wa mpira wa maji ya moto, au kidumu kigumu cha lita tatu chenye kifuniko kisichovuja. Maji yasiwe yanachemka, kwani chupa nyembamba za maji ya kunywa hujikunja na kupasuka. Zungushia kitenge mara mbili, ukiweke ndani ya blanketi kitandani kwa nusu saa. Kisha kitoe upande wa mtoto ndipo umlaze. Kinaweza kubaki miguuni pako wewe, si karibu na ngozi ya mtoto, kwa sababu ngozi ile inaungua na joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida. Saa tisa usiku maji yakipoa, yaliyomo kwenye chupa ya chai yanatosha kujaza tena.

Mtoto mwenyewe joto lake bora ni kifua chako. Umvue abaki na nepi, kofia na soksi, umfunge ngozi kwa ngozi kifuani ukiwa umeketi macho, blanketi juu yenu wote, kama watoto njiti wanavyobebwa hospitalini. Ukianza kusinzia mpe baba zamu. Usingizini mlaze chali, amevaa, uso wazi. Ukitaka kujua kama ana baridi shika shingo yake kwa nyuma, si vidole, vidole vya mtoto mchanga vina ubaridi wake siku zote. Na msimfunge nguo saba. Nimeona watoto wameloa jasho nyumba nzima ikilalamika baridi.

Kukandwa na maji ya moto kuendelee, sina ugomvi nako alimradi maji hayachomi. Maji yachemkie nje, wewe ukandwe ndani. Na kama mnataka kuota jiko jioni mkiwa macho, likae barazani au jikoni penye mlango na dirisha la upande wa pili vyote wazi, lisiwe chumba mtakacholala. Likiwa limeshaingia chumbani kwa bahati mbaya, litolewe na mlango na dirisha viachwe wazi kabisa nusu saa kabla ya mtu kulala humo.

Jiko la gesi lisiwe mbadala wa kuotea humo chumbani. Linatoa kidogo kuliko mkaa likiwaka vizuri, lakini kwenye chumba kilichofungwa linakula oksijeni, na likikosa oksijeni linaanza kutoa gesi ile ile.

Sasa jiko likishatoka, mtalilaza wapi? Wale vijana wawili usiku wa kwanza waliuguzwa na jiko la kupikia lililokwepa mvua tu. Jiko lililoonekana limezimika huweza kuwa na makaa hai chini ya majivu saa kadhaa. Chota makaa uyatie kwenye debe la bati lenye kifuniko kinachobana, nje, yatakosa hewa na kufa, na kesho mkaa huo mnaupikia tena. Au mwagieni maji. Kisha weka kiganja karibu na ubavu wa jiko. Likiwa lina joto lolote, halijafa, na lilale nje chini ya bati hata kama mnaogopa wezi. Kama mnapanga, muwaangalie na majirani: kuta zisizofika kwenye paa, au dari moja iliyopita juu ya vyumba vyote, zinapitisha gesi kutoka chumba cha jirani anayeota, na hata bodi ya jipsamu haiizuii, inapenya. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, haituami sakafuni wala haikai darini tu, inaenea pote. Kwa hiyo kuhamisha godoro chini au juu hakusaidii.

Kuna kifaa cha kutambua gesi hii, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama mijini. Uangalie kimeandikwa kaboni monoksaidi au CO, kwa sababu kengele ya moshi ya kawaida italala fofofo na ninyi, mkaa hauna moshi wa kuiamsha. Vingi vina kioo kinachoandika ppm, yaani sehemu ngapi za gesi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kwa viwango vya Ulaya kinatakiwa kulia ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu gesi ikifika 50, na ndani ya dakika tatu ikifika 300. Ni kizuri kwa nyumba yenye jirani mwenye jiko. Ila kisikupe ruhusa ya kurudisha jiko, na kina mwisho wa matumizi, tazama tarehe nyuma.

Kibatari ni kesi nyingine. Gesi ile kinaitoa kidogo ukilinganisha na jiko, na kwa kibatari dirisha linasaidia kweli. Kibaya chake ni masizi: katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazoungua kwenye utambi ulio wazi, gramu 7 hadi 9 zinageuka masizi, chembe ndogo zinazoshuka hadi ndani kabisa ya pafu. Pangusa pua yako asubuhi kwa kitambaa cheupe utayaona, na ya mtoto yako humo humo. Taa ya chemni yenye kioo kisafi na utambi ulioshushwa vizuri inatoa kidogo zaidi, lakini tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya taa yasitumike nyumbani kabisa. Kinachonitisha zaidi ya masizi ni chandarua. Kibatari juu ya stuli, mama amesinzia akinyonyesha, upepo umeisukuma neti: hiyo inawaka na kudondoka matone ya moto. Na mafuta yakiwa yamechanganywa petroli, kibatari hulipuka wakati wa kukijaza. Taa ndogo ya sola au tochi ya kuchaji inatosha kabisa kunyonyeshea. Mafuta yaliyobaki yatoke kwenye chupa ya soda, watoto wa jirani huyanywa wakidhani ni maji. Mtoto aliyeyanywa msimtapishe, mpelekeni hospitali, kwa sababu yakipanda tena yanaingia mapafuni.

Hewa ya kawaida mnaihitaji hata bila jiko, watu watatu mnapumua humo. Matundu mawili ya juu ukutani, pande mbili tofauti, yenye wavu wa mbu, yanatosha na hayaleti upepo kitandani. Mafundi siku hizi huyaziba kwa sababu ya vumbi. Kama yenu yamezibwa, yazibueni.

Lililobaki ni mama mkwe. Mwanangu, usimsomee barua hii kama hukumu. Amesafiri kuja kukulea, na jiko lile ndiyo namna yake ya kusema anakupenda. Mwambie mumeo aongee naye, mtoto na mama yake, aanze na kichwa chake mwenyewe: "Mama, nami kinaniuma, na mimi sikuzaa." Kisha umpe kazi ya moto ambayo hakuna anayeiweza kama yeye, maji ya saa mbili na nusu na yale ya saa tisa usiku. Kama bado ana shaka, laleni siku nne bila jiko, wote watatu, halafu yeye mwenyewe aulize asubuhi ya tano nani kaamka na kichwa.